Volti 450 na Barua Iliyochelewa

Kuna mwanamume mmoja wa mji wa New Haven, Marekani, ambaye kwa wiki mbili nzima kila akishika gazeti la mji alianzia kwenye matangazo ya vifo. Alitaka kujua kama mtu aliyekutana naye mara moja tu, chuoni, amekufa, na kama amekufa, kama yeye ndiye aliyechangia kumwua. Mtu huyo alikuwa mzima wa afya. Hakuwa hata amepigwa shoti. Alikuwa mhasibu aliyelipwa ili aigize maumivu, na kila mtu aliyehusika na mpango ule alilijua hilo, isipokuwa bwana wetu wa gazeti.

Habari yake haisimuliwi sana. Kinachosimuliwa ni namba. Mtajie Stanley Milgram mtu yeyote aliyesoma saikolojia hata muhula mmoja, naye atakujibu hapohapo: asilimia 65. Yaani watu 26 kati ya 40 walikubali kumpiga mwenzao shoti ya volti 450 kwa sababu tu mtu mwenye koti la maabara aliwaambia waendelee. Mimi naona namba ile na yule bwana wa gazeti ni kitu kimoja. Njia iliyotumika kuipata namba ndiyo iliyomkosesha yeye usingizi, na ndiyo hiyohiyo inayotufanya hadi leo tubishane namba yenyewe ina maana gani.

Tuanzie chumbani. Milgram alikuwa mwanasaikolojia kijana wa Chuo Kikuu cha Yale, mtoto wa wahamiaji wa Kiyahudi kutoka Ulaya Mashariki, aliyezaliwa New York mwaka 1933. Swali lililomsumbua lilikuwa la kizazi chake: watu wa kawaida waliwezaje kushiriki kuua mamilioni chini ya utawala wa Hitler? Juni 1961, wakati kesi ya Adolf Eichmann, afisa wa Hitler aliyesimamia kusafirishwa kwa Wayahudi kwenda kuuawa, ikiendelea kule Yerusalemu, alitoa tangazo gazetini akitafuta wanaume 500 wa New Haven kwa ajili ya utafiti wa kumbukumbu na kujifunza. Malipo yalikuwa dola 4, pamoja na senti 50 za nauli. Wakaja makarani, vinyozi, mafundi, wafanyabiashara. Majaribio yakaanza Agosti mwaka huohuo, yakaendelea hadi Mei 1962.

Chukulia wewe ndiye uliyekuja. Unamkuta mtu mwingine wa makamo, mnene kidogo, mpole, naye anaonekana kaja kama wewe. Mtafiti aliyevaa koti la kijivu anaeleza kwamba wanachunguza kama adhabu inamsaidia mtu kujifunza. Mnapiga kura kwa vikaratasi ili ijulikane nani awe mwalimu na nani awe mwanafunzi. Unaokota cha mwalimu. Hujui kwamba vyote viwili vimeandikwa "mwalimu", na mwenzako, ambaye ndiye yule mhasibu, ametamka tu "mwanafunzi" kama alivyofundishwa. Anapelekwa chumba cha pili, anafungwa mikanda kwenye kiti, anapakwa dawa na kubandikwa waya mkononi. Wakati anafungwa anataja kwamba ana tatizo dogo la moyo. Mtafiti anajibu kwamba shoti zinaweza kuuma lakini hazitaacha madhara ya kudumu.

Mbele yako kuna mashine yenye swichi 30, kuanzia volti 15 hadi 450, kila swichi ikizidi iliyotangulia kwa volti 15. Chini yake pameandikwa maneno ya kupanda, kuanzia shoti hafifu hadi hatari, na mwisho kabisa hakuna neno, ni herufi X tatu tu. Ili uamini, unapigwa shoti moja ya kweli ya volti 45 mkononi. Kisha unasoma jozi za maneno, mwanafunzi anajaribu kuzikumbuka, na kila akikosea unampiga shoti na kupanda swichi moja.

Anakosea sana. Kwenye volti 75 unasikia mguno kupitia ukutani. Kwenye 150 anapaza sauti kwamba moyo unaanza kumsumbua na anataka kutoka. Kwenye 270 ni mayowe. Kwenye 300 anakataa kujibu, na baada ya 330 kimya. Sauti hizo zote zilikuwa zimerekodiwa kwenye kanda mapema, lakini wewe utajuaje? Unageuka kumtazama mtafiti. Naye ana kauli nne alizopangiwa, za kutumia moja baada ya nyingine kadiri unavyositasita. Ya kwanza ni "tafadhali endelea". Ya pili, jaribio linahitaji uendelee. Ya tatu, ni muhimu kabisa uendelee. Ya nne, huna hiari nyingine, lazima uendelee. Ukikataa na baada ya ya nne, mambo yanaishia hapo.

Hapo katikati ndipo penye jaribio lenyewe. Mshiriki mmoja, ambaye mazungumzo yake Milgram aliyachapisha neno kwa neno, aliuliza tena na tena ni nani atakayebeba lawama bwana yule akipatwa na jambo. Mtafiti akamjibu kwamba yeye ndiye mwenye kuwajibika. Yule mtu akaendelea kubonyeza, huku akilalamika, hadi 450. Wengine walitokwa na jasho, walitetemeka, walijing'ata midomo. Katika kundi la kwanza lililochapishwa, watu 14 kati ya 40 walishikwa na kicheko cha ajabu ambacho wenyewe walishindwa kukizuia, na watatu walipata mtikisiko wa mwili mzima. Ilikuwa kazi ya shingo upande kabisa, lakini ilifanyika. Kabla ya hapo Milgram aliwahi kuwauliza wanafunzi 14 wa saikolojia wa Yale wakadirie wangapi wangefika mwisho. Wastani wa majibu yao ulikuwa asilimia 1.2.

Sasa, kosa linalofanywa na wengi, wakiwemo walimu wazuri, ni kusimama hapo na kuhitimisha kwamba binadamu hutii ovyo. Milgram hakufanya jaribio moja. Alifanya zaidi ya 20, akibadilisha jambo moja kila mara, na ukiyasoma kwa pamoja yanasema kitu tofauti. Mtafiti alipotoka chumbani na kutoa maagizo kwa simu, waliofika mwisho walishuka hadi takriban mmoja kati ya watano. Na baadhi walimdanganya kwenye simu: wakasema wamepandisha shoti, kumbe vidole vyao viko kwenye swichi ya chini kabisa. Hawa si watu waliokosa huruma. Walikuwa na huruma ila walikosa ujasiri wa kumwambia mkubwa "hapana" usoni, jambo ambalo sisi tuliolelewa na "ndiyo mzee" tunalielewa bila kuandikiwa kitabu.

Walipowekwa walimu wasaidizi wawili, nao waigizaji, ambao waligoma katikati na kukaa pembeni, ni washiriki wanne tu kati ya 40 waliofika mwisho. Na lile ninalolipenda kuliko yote ni lenye watafiti wawili waliovaa koti moja. Mwanafunzi alipoanza kulia kwenye volti 150, mmoja alisema simama, mwingine akasema endelea. Hakuna hata mshiriki mmoja aliyefika 450. Wachache walijaribu kwanza kubaini nani kati ya wale wawili ndiye bosi hasa.

Kwa hiyo utii ulipanda na kushuka kati ya sifuri na zaidi ya asilimia 90 kwa kubadilisha nani kakaa wapi. Milgram mwenyewe alilielezea hili kwa kusema kwamba mtu akiingia chini ya mamlaka huacha kujiona mwenye matendo yake, akajiona chombo cha kutekelezea matakwa ya mwingine. Maelezo haya yamekuwa maarufu, ila hayakai vizuri na takwimu zake. Kama mshiriki alikuwa amegeuka chombo, mbona alibishana, akauliza nani anawajibika, akadanganya kwenye simu?

Kuna ushahidi mwingine unaonivutia zaidi. Ile kauli ya nne, "huna hiari nyingine", ndiyo pekee iliyo amri tupu. Zile tatu za mwanzo zinaomba na kuegemea heshima ya sayansi. Mwaka 2009 Jerry Burger wa Chuo Kikuu cha Santa Clara, California, alichapisha marudio ya jaribio hili kwa sura iliyopunguzwa makali, na kati ya washiriki wake waliofikishwa kwenye kauli ya nne, hakuna hata mmoja aliyeendelea. Amri ilipotolewa kama amri, watu walikataa. Waingereza Alexander Haslam na Stephen Reicher wamejenga hoja juu ya hilo: kwamba waliofika 450 hawakuwa wakitii kwa upofu, walikuwa wakisaidia kazi waliyoiamini. Waliiamini Yale, waliiamini sayansi, wakadhani maumivu ya mtu mmoja yana faida kwa wengi. Nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Na ukikubali hivyo, Eichmann aliyesema mahakamani kwamba alitekeleza amri tu hapati kivuli cha kujifichia ndani ya utafiti huu. Waliosaidia waliona kuna jambo la maana wanalolisaidia.

Makala ya kwanza ya Milgram ilitoka mwaka 1963. Mwaka uliofuata Diana Baumrind, mwanasaikolojia wa California, aliijibu kwenye jarida la chama cha wanasaikolojia wa Marekani. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleza na ngumu kuikwepa. Mtu anapoingia maabara, anaingia mahali ambapo desturi yenyewe inamtaka amwamini mwenyeji. Milgram aliichukua imani hiyo akaigeuza mtego. Tena aliandika kwa namna ya kuridhika jinsi alivyomwona mfanyabiashara mtu mzima akiingia maabara akitabasamu, na ndani ya dakika 20 akawa amebaki mtu wa kutetemeka na kugugumia. Baumrind akauliza, mtu huyu anaondoka na nini? Leo amejua kwamba anaweza kumtesa mtu asiye na hatia, na hakuomba kujua hivyo. Aliomba dola nne na nusu.

Milgram alijibu kwa takwimu. Alikuwa amewatumia washiriki dodoso, na karibu wote, asilimia 92, walilirudisha. Asilimia 84 walisema wanafurahi kwamba walishiriki. Waliojuta hawakufika asilimia 2. Daktari wa magonjwa ya akili aliwahoji 40 mwaka mmoja baadaye na hakuona aliyedhurika.

Jibu hilo limewatosheleza watu wengi, mimi halinitoshelezi. Kwanza, furaha ya baadaye si ridhaa ya mwanzo. Ukinichukulia baiskeli bila kuniuliza na nikafurahi ulivyoirudisha imeoshwa, bado hukuniuliza. Pili, Haslam na Reicher na wenzao walikwenda kwenye masanduku ya kumbukumbu za Milgram yaliyohifadhiwa Yale, wakasoma maelezo ambayo washiriki waliandika kwa mkono kwenye madodoso yale. Wengi walifurahi kwa sababu walijiona wameisaidia sayansi. Yaani kile kilichowafanya wabonyeze swichi ndicho kilichowafanya wasamehe. Milgram alichukulia shukrani zao kama uthibitisho kwamba hapakuwa na madhara, ilhali huenda zilikuwa dalili ya jambo lilelile alilokuwa akilichunguza.

Shtaka zito zaidi halikujulikana enzi za Baumrind. Katika makala yake Milgram aliwahakikishia wasomaji kwamba kabla ya kuondoka, kila mshiriki alitulizwa, na alipatanishwa kirafiki na yule mwanafunzi. Wasomaji wakaelewa, kama mimi nilivyoelewa miaka mingi, kwamba kila mtu aliambiwa ukweli: hakukuwa na umeme, hakuna aliyeumia. Mwandishi na mwanasaikolojia wa Australia, Gina Perry, alipochimba kumbukumbu hizo, akasikiliza kanda na kuwatafuta washiriki waliokuwa bado hai, alikuta hali tofauti. Katika majaribio mengi mshiriki aliambiwa tu kwamba shoti hazikuwa kali kama alivyofikiri. Mwanafunzi alitoka, akamsalimia, akasema yuko salama, wakaagana. Kwamba kura ilichezewa na mayowe yalikuwa ya kanda, hakuambiwa.

Sababu inaeleweka, na ndiyo inayokera. New Haven si mji mkubwa. Watu kadhaa wangeambiwa siri kila wiki, wangesimuliana kinyozini na kazini, na baada ya mwezi asingepatikana mtu wa kudanganya. Kwa hiyo ukweli ukawekwa akiba. Ripoti iliyoeleza kila kitu ilitumwa kwa posta Julai 1962, majaribio yalipokwisha. Aliyeshiriki mwanzoni kabisa, Agosti 1961, aliweza kukaa karibu mwaka mzima na alichoamini amekifanya. Bwana wetu wa matangazo ya vifo ni mmoja wa walioandika kumweleza Milgram hali hiyo, kwa hiyo hawezi kusema hakujua.

Hapa ndipo mhukumiwa na hakimu wanapofanana. Milgram alikaa nyuma ya kioo ambacho yeye anaona na haonekani. Aliwatazama watu wakiteseka kweli, kwani mateso ya walimu hayakuwa ya kuigiza, akaendelea hadi mshiriki wa takriban mia saba na themanini kwa sababu jaribio lilihitaji aendelee. Hakuwa mtu katili. Aliiamini kazi yake.

Na udanganyifu huo haukuwagharimu washiriki peke yao. Uliigharimu sayansi. Katika dodoso lilelile, ni asilimia 56 tu walioandika kwamba waliamini kabisa mwanafunzi anaumia. Waliobaki walikuwa na shaka ya viwango mbalimbali. Msaidizi wa Milgram, Taketo Murata, aliwahi kulinganisha imani ya washiriki na jinsi walivyobonyeza, akaona kwamba katika majaribio mengi walioamini zaidi ndio waliogoma zaidi. Uchambuzi huo haukuchapishwa, ukabaki kabatini hadi Perry na wenzake walipoutoa. Sasa tujiulize: aliyefika 450 alikuwa mtiifu, au alikuwa mwerevu aliyekwisha kunusa kwamba Yale haiwezi kumwua mtu mbele yake?

Mwaka 1972 watafiti wawili, Sheridan na King, walijaribu kulimaliza swali hilo kwa njia ambayo hata kuisimulia inaniudhi. Badala ya mwigizaji walimweka mtoto wa mbwa, na shoti zilikuwa za kweli. Wanafunzi 20 kati ya 26 walifika mwisho, wasichana wote wakiwemo, baadhi yao wakilia. Kwa hiyo shaka peke yake haielezi kila kitu. Lakini tazama tumefika wapi: ili kuthibitisha kwamba udanganyifu haukuharibu matokeo, ilibidi maumivu yawe ya kweli. Ukiwahurumia waliomo chumbani unamdanganya mtu, na ukikataa kumdanganya unamuumiza mwingine. Sijaona mtafiti aliyetoka kwenye kona hiyo kwa usafi.

Wako wanaosema Milgram ndiye aliyesababisha kamati za maadili tunazozijua leo, zile zinazomdai mtafiti fomu ya ridhaa kabla hajamhoji hata mtu mmoja. Hilo ni kumpa zaidi ya haki yake. Sheria ya Marekani ya mwaka 1974 ilisukumwa hasa na kashfa ya Tuskegee, iliyofichuliwa 1972, ambapo wanaume weusi wenye kaswende waliachwa bila matibabu kwa miaka 40 ili ugonjwa utazamwe. Milgram alikuwa mfano wa pembeni kwenye mjadala huo, ingawa kwa wanasaikolojia alikuwa wa kwanza kutajwa.

Chini ya kanuni hizo Burger aliweza kurudia jaribio kwa kusimama volti 150 tu, pale mwanafunzi anapoomba kutoka kwa mara ya kwanza. Alichagua hapo kwa sababu kwa Milgram, waliopita 150 karibu wanne kati ya watano walifika mwisho. Washiriki walichujwa kwanza ili wenye msongo wasiingie. Waliambiwa mara tatu kwamba wanaweza kujitoa na fedha zao wabaki nazo, na sekunde chache baada ya kumaliza waliambiwa ukweli, mwanafunzi akaingia mzimamzima. Asilimia 70 walikuwa tayari kuendelea kupita 150. Kwa Milgram walikuwa asilimia 82.5. Kilichobaki, kati ya 150 na 450, sasa ni cha kukisia.

Kuna jaribio moja la Milgram ambalo hata yeye hakulichapisha, wala kwenye makala wala kwenye kitabu chake cha 1974. Alimtaka kila mshiriki aje na mtu wake, ndugu au rafiki au jirani. Mmoja akawa mwalimu. Yule mwingine, akiwa tayari amefungwa kwenye kiti, aliambiwa siri na kufundishwa jinsi ya kupiga mayowe, ili mwenzake asikie sauti anayoijua. Walikuwa washiriki 20. Waliofika volti 450 ni watatu. Karatasi zake zilikaa kwenye masanduku ya Yale kwa miongo kadhaa, pamoja na kanda zenye sauti za watu wakiitwa kwa majina yao na jamaa zao kutoka upande wa pili wa ukuta.